Mwandiko Ukiwa Mpanda, Macho Yakiwa Karema: Simu Iliyoning'inizwa Juu ya Daftari



Mazungumzo haya yanahusu jambo moja dogo: namna mwalimu anavyoweza kuilaza simu yake juu ya meza, kamera ikitazama chini, ili mwanafunzi aliye mbali aone mkono ukiandika. Ni dogo kwa umbo, lakini kipindi kizima cha masomo kinaweza kupotea kwa sababu yake, pamoja na fedha za bando za watu wawili.

Chukueni mfano wa binti aliyeacha shule akiwa kidato cha tatu kwa sababu ya ujauzito. Tangu Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba wasichana wa aina hiyo wanaruhusiwa kurudi kusoma, mlango umefunguliwa kwake. Binti huyu anaishi Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, ana mtoto wa kulea, naye ameamua kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwalimu wa hisabati aliyekubali kumsaidia yuko Mpanda mjini, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Wanakutana kwa simu jioni mbili kwa wiki. Mwalimu anaeleza vizuri, sauti inafika, na binti anaitikia. Somo ni milinganyo ya kipeo cha pili. Mwishoni anapewa swali la kufanya peke yake, na jibu linarudi likiwa kinyume kabisa. Baada ya mahojiano marefu inajulikana kwamba palipoandikwa kipeo cha 2 yeye aliona doa, akadhani ni nukta ya wino.

Kosa hilo si la binti, wala si la mtandao peke yake. Mwalimu alikuwa ameishika simu kwa mkono wa kushoto huku akiandika kwa mkono wa kulia, na mtu hawezi kufanya kazi hizo mbili kwa wakati mmoja bila picha kutikisika.

Ili kuelewa kwa nini mtikisiko una madhara makubwa kiasi hicho, yafaa kujua simu inatuma nini. Picha ya video haisafirishwi nzima nzima kila nukta ya sekunde, kwa kuwa mtandao wa kawaida usingeibeba. Simu hutuma picha moja kamili, kisha hutuma mabadiliko tu: kilichosogea na kilichoongezeka. Karatasi ikitulia na kalamu pekee ikasogea, mabadiliko ni machache, na nafasi yote iliyobaki hutumika kuunoa mwandiko hadi uonekane kama uliochapishwa. Simu ikitikisika, hata kwa unene wa ukucha, kila mstari wa karatasi umehama, kila kitu ni badiliko, na mtandao ukiwa mwembamba simu haina njia ila kupunguza ubora wa picha nzima. Mistari minene hubaki. Vitu vidogo kama kipeo, alama ya kutoa na nukta ya desimali ndivyo vinavyofutika kwanza. Ndiyo maana simu ya bei nafuu iliyotulia humshinda mwenye simu ya bei ghali anayeishika mkononi.

Basi kazi ya kwanza ni kupata mahali pa kuilaza simu pasipotikisika. Wengi huanza kwa kurundika vitabu juu ya meza ileile wanayoandikia, kisha wanaweka rula au ubao juu yake. Picha huonekana nzuri mpaka mkono unapoanza kuandika. Kila herufi huitikisa meza, meza huitikisa rundo, na rundo huitikisa simu. Dawa yake ni kutenganisha viwili hivyo: kinachobeba simu kisimame kwa miguu yake, na kinachobeba karatasi kisimame kwa miguu yake.

Nyumba nyingi zina vifaa vya kufanya hivyo bila kumwita fundi seremala. Meza ya kulia chakula kwa kawaida ina kimo cha sentimita 75 hivi, na meza ndogo ya sebuleni ina sentimita 45 hivi. Mwalimu huisogeza meza ndogo mbele ya meza kubwa, bila kugusana, kisha huketi kwenye kigoda au stuli fupi akiielekea meza kubwa. Juu ya meza kubwa huwekwa ubao wenye urefu wa sentimita 80 au zaidi, sehemu yake ndogo ikitokeza juu ya meza ndogo kama tawi. Upande uliobaki juu ya meza kubwa hukandamizwa kwa tofali moja au mawili yaliyofungwa katika gazeti ili yasikwaruze. Simu hulazwa kwenye ncha ya ubao, kioo kikitazama juu, pembe yenye kamera ikitokeza nje kidogo ili ubao usiingie katika picha. Hufungwa kwa ukanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ambao hukamata vizuri kuliko kamba. Ukanda usipite juu ya vitufe vya pembeni, kwa maana utazima simu katikati ya somo.

Kwa mpangilio huo, kamera iko sentimita 30 juu ya meza ndogo. Kimo hicho kinampa mwalimu picha yenye upana unaokaribia sentimita 36 na kina cha sentimita 20 hivi, ingawa simu hutofautiana kidogo. Hapo mtu hufurahi kwamba karibu karatasi yote ya A4 iliyolazwa inaonekana. Furaha hiyo si ya mwanafunzi. Kioo cha simu ya Karema, hata kikigeuzwa kulala, kina nafasi ya picha yenye upana wa sentimita 12 tu. Sentimita 36 zikibanwa ndani ya 12, kila kitu kinabaki theluthi yake. Tarakimu yenye kimo cha milimita 6, ambayo ndiyo kimo cha mwandiko wa kawaida daftarini, inakuwa milimita 2, na kipeo chake ni kinukta.

Suluhisho si kushusha ubao, kwa kuwa meza kubwa haishuki. Karatasi ndiyo ipandishwe. Vitabu viwili vinene au kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 10 kikiwekwa chini ya karatasi, umbali hadi kwenye kamera unakuwa sentimita 20, na upana wa picha unashuka hadi sentimita 24 hivi. Sasa kila kitu kinabaki nusu yake kwenye simu ya mwanafunzi. Mwalimu akiandika tarakimu zenye kimo cha milimita 8 na vipeo vya milimita 4, mwanafunzi anapokea kipeo cha milimita 2, nacho kinasomeka. Kupandisha zaidi ya hapo si busara, kwa sababu mkia wa kalamu utaanza kuigonga simu. Na mwanafunzi akiishika simu yake wima badala ya kuilaza, upana wa kioo chake ni sentimita 7 pungufu kidogo, na kipeo kilekile kinarudi kuwa milimita moja. Neno la kwanza la somo basi liwe: laza simu yako.

Kuna jambo linalowachanganya watu wengi, hata walimu wazoefu. Simu hujua kama imesimama au imelala kwa kuhisi uzito unaoivuta kwenda chini. Ikilazwa chali juu ya ubao, uzito unavuta kuelekea mgongoni mwake, nayo haiwezi tena kubaini upande wa juu ni upi. Hapo ndipo picha inapojigeuza ghafla, mwandiko ukawa wima kama ngazi, na mwanafunzi akapinda shingo. Kabla ya kuilaza, mwalimu aishike simu kwa ulalo anaoutaka, asubiri kioo kigeuke, kisha azime kitufe cha "Auto-rotate". Kwenye simu nyingi za Android picha itabaki hivyo hata simu ikilazwa. Halafu aandike neno JUU kwenye ukingo wa karatasi ulio mbali naye na amwombe mtu wa upande wa pili aseme neno hilo liko wapi kwenye kioo chake. Likiwa chini, simu igeuzwe kichwa kiwe miguu, tena kabla ya kuifunga kwa mpira.

Mwanga nao una adabu zake. Taa ya dari ikiwa juu ya kichwa cha mwalimu, kivuli cha simu na cha kichwa vyote viwili huanguka juu ya karatasi. Anayeandika kwa mkono wa kulia aketi dirisha likiwa kushoto kwake, ili kivuli cha mkono kianguke upande ambao bado haujaandikwa. Wa mkono wa kushoto afanye kinyume. Usiku, taa iwekwe pembeni upande huohuo, iwe juu kidogo ya karatasi. Tochi ya simu yenyewe isitumike: huacha duara jeupe katikati ya karatasi, na wino mbichi hung'aa kama maji hadi usisomeke.

Penseli haifai kabisa. Karatasi nyeupe inapoijaza picha, kamera hudhani kuna mwanga wa kupita kiasi, inapunguza mwanga, na karatasi inageuka kijivu. Wino mweusi mzito hubaki mweusi juu ya kijivu hicho, lakini penseli na peni ya bluu yenye ncha nyembamba huzama ndani yake. Kalamu ya wino mweusi yenye ncha ya milimita moja inatosha. Ile nene ya kuandikia mabango hujaza matundu ya 6, 8 na 9 hadi zikafanana, na huvuja upande wa pili wa karatasi.

Sasa turudi kwa binti wa Karema, somo lile likirudiwa kwa mpangilio huu. Mwalimu amebandika vipande vinne vya gundi ya karatasi mezani kuonyesha pembe za eneo linaloonekana, ili asihitaji kuchungulia kioo kila mara na kuingiza kichwa chake katika picha. Ameikunja karatasi ya A4 katikati na kuilaza, na ameandika namba 1 kwenye kona. Anaandika mstari wa kwanza:

x² − 5x + 6 = 0

Kisha anaondoa mkono. Kitendo hicho ni kigumu kukizoea kuliko vyote vilivyotajwa, kwa kuwa mkono wa mwalimu una mazoea ya kubaki karatasini tayari kwa mstari unaofuata. Lakini mkono ukiwapo, unafunika maandishi na unaendelea kuleta mabadiliko ya picha. Ukiondoka, picha inatulia, na baada ya sekunde mbili au tatu mwandiko unanoleka mbele ya macho ya mwanafunzi. Mwalimu anahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, ndipo anaeleza: zinatafutwa namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 6 na zikijumlishwa zinatoa −5. Anapotaka kuonyesha 6 na −5 anatumia njiti nyembamba ya fagio, si kidole. Kidole kinafunika tarakimu ileile kinayoionyesha.

Binti anataja −2 na −3. Mwalimu anaandika mstari wa pili, anaondoa mkono, anasubiri:

(x − 2)(x − 3) = 0

Na wa tatu:

x = 2 au x = 3

Katika hatua hii asiulize, "Unaona?" Swali hilo hujibiwa "ndiyo" na kila mtu, kwa heshima, kwa haya, au kwa sababu anadhani anachokiona ndicho kilichopo. Yule binti alijibu "ndiyo" kipindi chote cha kwanza. Kinachofaa ni kumwambia: "Soma mstari wa kwanza kwa sauti, kila alama." Akisema "eksi mbili kutoa tano eksi", mwalimu amejua papo hapo kwamba kipeo hakikufika kama kipeo. Akisema "eksi kipeo cha pili", kazi iendelee. Zoezi hili lifanywe mwanzoni mwa kila kipindi, kwa sababu mtandao wa leo si wa juzi. Mwanafunzi anayejua kupiga picha ya skrini aitume kwa mwalimu mara moja. Mwalimu ataona kwa macho ya mwanafunzi, na mara nyingi atashtuka.

Kwa nini mwandiko unaokwenda hatua kwa hatua uhangaikiwe hivi, wakati majibu yamo vitabuni? Kwa sababu kitabu kinaonyesha mistari mitatu ikiwa imekwisha kuandikwa, wala hakionyeshi ni wapi jicho lilitazama kabla ya mkono kusogea. Mtahiniwa wa kujitegemea, ambaye hana ubao wa darasa mbele yake wala jirani wa kumchungulia, hakosi majibu. Anakosa njia, na katika hisabati njia nayo ina alama zake.

Mwenye simu moja tu aitumie hiyohiyo kwa picha na sauti, akichagua kamera ya nyuma ndani ya Zoom au Google Meet. Simu ikiwa imelala nusu mita kutoka mdomoni, sauti hufika bila shida kama chumba kimetulia. Kama kuna redio au watoto wanacheza, hedfoni zenye kipaza sauti husaidia. Mwenye vifaa viwili anaweza kuingia darasani na vyote, kimoja kikionyesha uso na kingine karatasi, lakini kilicho juu ya karatasi kizimwe kipaza sauti na spika. Kikiachwa wazi, vifaa hivyo viwili husikilizana na kuanza kupiga mluzi mkali ambao humfanya mwanafunzi akate simu.

Simu ya kawaida inayoingia katikati ya somo hukatiza sauti au picha, na shangazi anayepiga kusalimia hana kosa. Kabla ya kuanza, "Do Not Disturb" iwashwe. Kava la simu livuliwe, hasa mwezi wa Septemba na Oktoba joto linapopanda, kwa kuwa kamera na mtandao vikifanya kazi pamoja simu huchemka, na ikichemka hupunguza mwanga wa kioo, kisha hufunga kamera yenyewe. Dalili ya kwanza ni picha kuanza kuruka ruka ilhali mtandao ni uleule. Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40, jambo ambalo hapa ni faida: dakika 40 za kutazama mwandiko kwenye kioo kidogo zinatosha kwa macho ya mtu yeyote.

Yapo maeneo ya wilaya ambako video haitapita, au itapita kwa gharama isiyobebeka. Saa moja ya video ya namna hii inaweza kula zaidi ya MB 500. Huko mpangilio uleule wa ubao, tofali na mpira unatumika bila kubadilishwa, ila kwa picha mnato. Mwalimu anaandika mstari mmoja, anapiga picha. Anaandika wa pili juu ya karatasi ileile, anapiga tena. Kwa kuwa simu haijasogea, picha zinafuatana kama kurasa za kitabu kimoja, na mwanafunzi akizipitisha kwa kidole anaona mstari mpya ukizaliwa chini ya ule wa zamani. Kila picha inaambatana na ujumbe wa sauti wa nusu dakika. Picha tatu na sauti tatu zikitumwa kwa WhatsApp hazifiki hata MB 3, na zinaweza kufunguliwa usiku mtoto akishalala. Hasara yake ni kwamba mwanafunzi hawezi kumkatiza mwalimu kwa swali, na kwa anayeanza mada mpya hasara hiyo ni kubwa. Kwa marudio, wapo watakaoona njia hii ni bora kuliko video.

Hata panapotumika video, mwalimu apige picha ya kila karatasi iliyokamilika kabla ya kuiondoa na kuituma, ikiwa na namba yake ya kona. Mtandao ukikatika kwenye karatasi ya 2, binti atajua ni ipi anayoidai.

Mwanafunzi naye anaporudisha kazi yake kwa picha, mara nyingi huipiga kwa pembeni, daftari likiwa mapajani, nusu kivulini. Tarakimu za upande wa mbali hupungua na mistari huinama. Aweke daftari sakafuni karibu na mlango ulio wazi, asimame, ainame hadi simu iwe sambamba na karatasi, ahakikishe kingo zote nne zinaonekana, ndipo apige. Hahitaji ubao wala tofali, kwa kuwa ni picha moja tu.

Lipo pia la faragha. Kamera iliyo juu ya meza haichagui cha kuonyesha. Orodha ya alama za wanafunzi wengine, barua yenye namba ya simu ya mtu au kitambulisho kilichosahauliwa chini ya karatasi vyote huingia katika picha na huweza kuhifadhiwa na aliye upande wa pili. Meza ndogo iwe na karatasi, kalamu na njiti peke yake.

Wazazi na walezi wenye wanafunzi wa namna hii majumbani wanaweza kuyajaribu haya leo jioni kwa simu mbili ndani ya nyumba moja, moja ikiwa sebuleni juu ya ubao na nyingine ikiwa chumbani mikononi mwa mwanafunzi. Aliye chumbani aulizwe mstari wa kwanza unasema nini, kila alama.